Kuhesabu Maembe kwa Video Kabla ya Kuvuna

Safari hii tujifunze jambo linalowatesa wengi wetu wenye miembe. Broka anakuja mwezi mmoja kabla ya mavuno na kuuliza: "Mtanipatia maembe mangapi?" Tukitaja mengi mno, lori linaondoka nusu na deni linatubakia. Tukitaja machache, yanayobaki yanaozea shambani. Basi tunaweza kukadiria kwa simu yenye kamera, kalamu na daftari.

Tuchukue mfano wa shamba la ngowe lenye miti 400.

Kuchagua miti

Hatutahesabu yote, tutachukua 16 tu. Kwa kuwa 400 ukigawa kwa 16 ni 25, andikeni namba 1 mpaka 25 kwenye vikaratasi, mtu achomoe kimoja. Ikitoka 7, chukueni mti wa 7, wa 32, wa 57, na kuendelea hivyo. Msichague kwa macho, kwa maana jicho hupenda mti uliozaa vizuri. Na kama kila mstari una miti 25, msitumie njia hii: mtaangukia nafasi ileile katika kila mstari, pengine ile ya pembeni inayopata jua zaidi. Hapo pigeni kura ya kila mti.

Kupiga video

Pigeni wakati maembe yameshapita ukubwa wa yai na kuanguka kwa wingi kumekwisha. Jua liwe mgongoni. Tembeeni polepole, mti wote uonekane kwenye kioo, na mtaje namba yake kwa sauti. Kisha pigeni upande wa pili. Baadaye simamisheni video kila mti, watu wawili wahesabu bila kuambiana. Wakitofautiana sana, warudie.

Maembe yaliyojificha

Video haioni yaliyo ndani ya majani, na mengine huonekana pande zote mbili yakahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo chagueni kwa kura miti 4 kati ya ile 16, muihesabu yote kwa mkono, tawi kwa tawi. Tuseme video ilionyesha 400 kwa miti hiyo, na mkono ukapata 600. Ukigawa 600 kwa 400 unapata 1.5. Hicho ndicho kipimo cha kurekebisha. Nchini Australia watafiti wamefundisha kompyuta kuhesabu maembe kwenye picha, lakini hata wao hulinganisha na miti iliyohesabiwa kwa mkono.

Hesabu yenyewe

Tuseme video ilitoa: 80, 150, 40, 100, 130, 60, 160, 90, 20, 120, 160, 80, 110, 60, 140, 100. Jumla ni 1,600, wastani 100 kwa mti. Zidisha kwa 1.5 upate 150, kisha kwa miti 400: maembe 60,000.

Lakini msikimbilie kusema 60,000! Kura ingetoa kikaratasi kingine, tungepata miti mingine na jibu lingine. Tofauti hiyo huitwa kosa la sampuli. Si kosa la mtu kuhesabu vibaya. Linatokana na kuona miti 16 badala ya 400.

Tulipime hivi. Tazameni kila mti uko mbali kiasi gani na 100: wa kwanza uko mbali 20, wa pili 50, na kadhalika. Jumla ni 540. Gawa kwa 16 upate karibu 34. Zidisha 34 kwa 2.5 upate 85. Gawa kwa 4, maana 4 mara 4 ni 16, idadi ya miti yetu. Tunapata 21. Basi wastani wa kweli wa video huenda uko kati ya 79 na 121. Kwa shamba zima ni kati ya maembe 47,400 na 72,600. Ukifanya hivi mara 100, karibu mara 95 jibu la kweli litakuwa ndani ya mipaka kama hiyo.

Tukitaka kupunguza kosa hilo kwa nusu, miti lazima iongezwe mara nne, iwe 64.

Mambo ya kuangalia

Mipaka hii haihesabu kosa la kile kipimo cha 1.5. Kama miti 4 ya mkono inatofautiana sana, mmoja ukitoa 1.2 na mwingine 2, hesabuni mingine kwa mkono. Tena, kuongeza miti hakuponyi uchaguzi wa upendeleo. Na toeni yatakayoanguka au kuharibiwa na nzi wa matunda: fungeni uzi kwenye maembe 100 leo, mhesabu yaliyosalia kabla tu ya kupatana na broka.

Kwa hiyo tungemwahidi broka ngapi? Si 60,000. Tungeanzia 47,000, tupunguze yatakayoanguka, na yakizidi tuuze ya ziada.

Zoezi la kikundi: Miti yenu ikizaa karibu sawa yote, je, mtahitaji mingi au michache kuliko 16? Kwa nini?