Matabaka au Vishada? Uteuzi wa Sampuli katika Utafiti wa Lahaja

Tuchukulie mtafiti anayetaka kujua ni wasemaji wangapi katika visiwa vya Lamu wangali wakitumia lahaja zao nyumbani. Ana uwezo wa kuwahoji watu 400. Akiwagawa wakazi katika matabaka ya Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu, kisha akapiga kura ndani ya kila tabaka, hakuna lahaja itakayoachwa. Lakini atahitaji orodha ya wakazi wote, na nauli ya mashua ya kumfuata kila mmoja.

Akitumia vishada, yaani mitaa 20 iliyopigiwa kura na watu 20 katika kila mtaa, gharama hupungua. Hata hivyo, majirani husema kwa namna moja. Kipimo cha kufanana kwao, kinachofikia 1 wanapolingana kabisa, kikiwa 0.1 tu, tunapata 1 + (20 − 1) × 0.1 = 2.9. Basi watu hao 400 wana uzito wa watu 138 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja. Isitoshe, kura yaweza kuuruka mji wa Siyu kabisa. Kwa maoni yetu, afadhali atenge matabaka ya lahaja kwanza, kisha ateue mitaa ndani ya kila tabaka: mitaa mingi, watu wachache.

Upendeleo ni suala jingine. Akibisha hodi asubuhi, wavuvi wako baharini. Akiuliza kwa Kiswahili sanifu, mhojiwa naye husanifisha jibu. Kasoro hizi haziondolewi kwa kuongeza idadi ya wahojiwa. Hujitokeza majibu ya asubuhi yanapolinganishwa na ya jioni, na ya mgeni na yale aliyopewa mwenyeji.