Flashi inayougua kila ikitoka steshenari

Swali: Kila nikitoka kuchapisha kazi steshenari, antivairasi inafungia mafaili ya flashi yangu. Je, inakosea?

Jibu: Angalia majina yake. Yakiwa kama `Picha.lnk` na `Barua.lnk`, yaani majina ya folda zako mwenyewe, na kila moja lina kilobaiti chache tu, hicho ni kirusi kweli. Kimeficha folda halisi na kuweka njia za mkato zinazokiamsha ukizibofya. Usizirudishe! Kirusi kikishaondolewa, folda zifichue hivi, kama flashi ni E:

```
attrib -h -s -r E:\*.* /s /d
```

Kengele ya uongo kwa kawaida hung'ang'ania faili moja lilelile, mara nyingi programu ndogo, hata flashi isipotoka nyumbani. Yako inaugua ikichomekwa kule tu, kwa hiyo mgonjwa ni kompyuta ya steshenari. Waambie.