Marehemu aliishi vipi? Mirathi moja mbele ya sheria tatu

Tanzania Bara haina sheria moja ya kugawa mali ya mtu aliyefariki bila wosia. Zipo mila za kabila lake, ipo sheria ya Kiislamu, na ipo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza na ambayo hadi leo hutumika kwenye mirathi ya Wakristo. Wakili mmoja wa mirathi jijini Mwanza anafafanua mgongano huo kwa mfano wa familia ya kubuni.

Msukuma wa Shinyanga alizaliwa Mwislamu, akabatizwa, akafunga ndoa kanisani na kufungua gereji Mwanza. Ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili, wote Wakristo. Kaka zake wanasema alirudi kwenye Uislamu kabla ya kufa, na wamemzika Kiislamu. Madeni yakishalipwa, nyumba na gereji vina thamani ya shilingi milioni 96. Kijijini kuna shamba la ukoo.

Kila sheria ingempa nani nini?

Kwa sheria ya mwaka 1865, mjane anapata theluthi moja, yaani milioni 32. Milioni 64 zinazobaki wanagawana watoto sawa kwa sawa, kila mmoja zaidi kidogo ya milioni 21.

Kwa sheria ya Kiislamu, familia nzima ingekuwa ya Waislamu, mjane angepata thumni, milioni 12. Kijana milioni 42 na kila binti 21. Hapo wakili huwataka watu watazame vizuri: fungu la binti halijabadilika sana, aliyepungukiwa ni mama. Lakini katika mfano huu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu kwa fiqhi asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Kaka za marehemu wakishinda hoja yao, mjane na watoto wanatoka mikono mitupu.

Mila nazo, kwa kanuni zilizoandikwa mwaka 1963, zinamweka mwana wa kiume mbele na mabinti daraja la mwisho. Mjane hana fungu ikiwa mumewe ana ndugu wa ukoo; anatarajiwa kutunzwa na wanawe. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikaona Tanzania imewakosea.

Nani anayechagua sheria ya kutumika?

Si kikao cha ukoo, wala si mjane. Mahakama ndiyo inayoamua, na swali lake ni marehemu mwenyewe alikusudia nini, kwa maneno yake, matendo yake na namna alivyoishi. Mwaka 1969, katika mirathi ya Innocent Mbilinyi, Mngoni Mkristo aliyeishi Dar es Salaam, Mahakama Kuu iliona kwamba alishaachana na maisha ya kimila, ikatumia sheria ya 1865.

Ni ushahidi gani wenye uzito?

Cheti cha ndoa na cha ubatizo, kadi ya jumuiya au ya zaka, majirani waliomwona akienda ibada, na mara ngapi alishiriki shughuli za ukoo. Wakili anasisitiza jambo moja ambalo familia nyingi hulikosea: mazishi. Mazishi hufanywa na waliobaki. Kwa maoni yake, sanda na dua peke yake havithibitishi imani ya marehemu. Kaka zake walete mashahidi waliomwona akiswali akiwa hai.

Shamba la ukoo linaingia kwenye hesabu hiyo?

Si lazima. Sheria inaruhusu mahakama ione kwamba marehemu aliziacha mila kwa sehemu tu. Kama kila msimu alirudi kulima na kutii maamuzi ya wazee wa ukoo juu ya shamba lile, shamba linaweza kufuata mila na gereji ikafuata sheria nyingine. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Mjane aanzie wapi?

Aangalie kwanza hati ya nyumba. Kama wanandoa walisajiliwa kuwa wamiliki wa pamoja wasio na mafungu, nyumba inabaki kwake na haiingii kwenye mirathi kabisa.

Kisha achague mahakama kwa uangalifu. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu. Shemeji mmoja akiwahi huko na muhtasari wa kikao cha ukoo, akateuliwa msimamizi wa mirathi, mjane anayeamini kwamba mumewe alikuwa Mkristo asikae kimya: aweke pingamizi mapema kwamba mahakama hiyo haina mamlaka. Uteuzi unaweza kufutwa hata baada ya miaka, lakini kufikia hapo gereji huwa imeshauzwa.