Tumbo Linalouma Kisha Linapona Lenyewe

Huenda nyumbani kwako kuna mtoto wa namna hii. Anaamka akiwa mzima, anavaa sare ya shule, kisha ghafla anajikunja na kushika tumbo. Ukimwuliza ni wapi panapouma, anaweka kiganja kizima juu ya kitovu. Hataki chai wala mkate, anahisi kichefuchefu, na uso wake umepauka kana kwamba damu imemwishia. Unamkimbiza kliniki. Kufikia jioni anacheza mpira na wenzake, nawe unabaki na chupa tatu za dawa mezani usijue ni ipi iliyomponya.

Baada ya wiki tano au sita mambo yanajirudia, vilevile kabisa.

Wazazi wengi wanapoyaona haya hufikiria minyoo, amiba, taifodi au vidonda vya tumbo. Ni kweli magonjwa hayo yapo miongoni mwetu, na ni lazima yachunguzwe. Lakini mtoto anayeshikwa mara kwa mara kwa njia ile ile, akapauka, akatapika, kisha akawa mzima kabisa kwa majuma mengi, huenda ana kipandauso cha tumbo. Naam, kipandauso kile kile kinachowapasua watu wazima kichwa. Kwa mtoto kinaweza kukaa tumboni.

Si ugonjwa wa nadra kama wengi wanavyodhani. Uchunguzi wa watoto wa shule uliofanywa mjini Aberdeen, Uskoti, na kuchapishwa mwaka wa 1995 ulionyesha kuwa watoto wapatao 4 katika kila 100 walikuwa na dalili zake. Mara nyingi huanza kati ya miaka 3 na 10, na wengi huwa na umri wa miaka 7 hivi.

Sababu yake iko kwenye neva. Utumbo una mtandao wake mkubwa wa neva, nao huwasiliana na ubongo wakati wote. Kwa watoto hawa mtandao huo ni mwepesi mno kushtuka. Jambo dogo kama usingizi uliokatika au kifungua kinywa kilichorukwa huuchokoza, na ubongo hupokea habari hiyo kama maumivu makali. Mishipa midogo ya damu kwenye ngozi nayo hubana, ndiyo maana mtoto hupauka. Kwa ngozi zetu nyeusi mpauko huu ni rahisi kupuuzwa. Usiutafute mashavuni peke yake. Tazama midomo, viganja na sehemu iliyo chini ya macho.

Maumivu yenyewe hayachomi kama kisu. Ni mazito na ya kubana, nayo hukaa katikati ya tumbo. Yasipotibiwa huchukua saa 2 hadi siku 3. Madaktari husubiri hadi mashambulizi yawe walau matano yanayofanana kabla ya kulitaja jina la ugonjwa huu kwa uhakika. Aidha, ni lazima mtoto awe amekosa hamu ya chakula, amepauka, amehisi kichefuchefu au ametapika, angalau mambo mawili kati ya hayo. Na kati ya shambulizi moja na jingine asiwe na shida yoyote.

MFANO WA MSICHANA WA MIAKA 8

Hebu tuchukue mfano wa msichana wa miaka 8, uzito wake kilo 22, anayeishi Umoja, Nairobi, na kusoma katika gredi ya tatu. Katika muda wa miezi kumi alikuwa ameshikwa mara saba. Alikuwa amepewa dawa ya minyoo mara tatu, akatibiwa taifodi mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja. Kila mara alipona siku ile ile, na kila mara dawa ndiyo iliyosifiwa.

Hapo ndipo penye mtego. Maumivu yanayoisha yenyewe baada ya saa sita huifanya dawa yoyote ionekane imefaulu, hata maji ya sukari. Na kuhusu taifodi, kipimo cha Widal ambacho maabara nyingi za mitaani hutumia hakipimi viini vyenyewe. Hupima kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo huweza kuonekana kwa mtu aliyeugua zamani au aliyepata maambukizi mengine. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu maabara. Isitoshe, taifodi ni homa inayopanda na kukaa siku kwa siku. Haiji asubuhi ikaondoka kabla ya taarifa ya habari ya jioni.

Daktari wa watoto aliyemwona mara ya nane hakuanza na maabara. Alimwuliza mama, "Siku ambazo haumwi, mtoto yukoje?"

"Ni mzima kabisa, daktari. Anakula, anaruka kamba, hata uzito ameongeza."

"Na nyumbani ni nani anayesumbuliwa na kichwa?"

Mama akacheka. Ni yeye mwenyewe. Kila mwezi hujifungia chumbani, akafunga mapazia na kuwanyamazisha watoto. Nyanya yake msichana naye alikuwa hivyo. Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko vipimo vingi, kwani kipandauso hufuata ukoo.

Hata hivyo daktari hakukurupuka. Alimpima mtoto urefu na uzito, akalibonyeza tumbo, akaagiza kipimo cha mkojo, cha choo na cha damu. Aliagiza pia picha ya tumbo ya mawimbi ya sauti, tena akataka ipigwe siku ya maumivu. Kwa nini siku hiyo? Kuna watoto ambao mrija unaotoka kwenye figo huziba kwa saa chache na kufunguka tena. Maumivu yao na matapishi yao hufanana sana na ya kipandauso, na picha ikipigwa siku ya uzima inaweza isionyeshe lolote. Picha ya msichana huyu ilikuwa safi, na vipimo vingine pia.

Kisha mama aliagizwa anunue daftari la shilingi chache. Kila shambulizi aandike tarehe, saa lilipoanza na kuisha, na mambo ya saa 24 zilizotangulia: mtoto alilala saa ngapi, alikula nini na lini, alisafiri au la. Baada ya miezi miwili daftari lilikuwa na mashambulizi matatu. Moja lilikuja siku moja baada ya safari ya usiku kutoka Kakamega. Mawili yalikuja siku za mtihani, ambapo basi la shule lilimchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri bila kula, baada ya kulala saa tano usiku.

Daftari hilo pia lilifuta shaka ya mwalimu kwamba mtoto anatega shule. Shambulizi la Kakamega lilimpata katikati ya likizo.

JINSI YA KUMTUNZA

Tiba ya kwanza ilikuwa maelezo. Msichana aliambiwa kwamba maumivu yake ni ya kweli, yana jina, na hayatamharibu tumbo. Kisha ratiba ikabadilishwa: kulala saa tatu kasoro kila siku, Jumamosi ikiwemo, kikombe cha uji kabla ya basi, tunda au kiazi kitamu cha saa nne, na chupa ya maji mkobani. Kuhusu vyakula, wengine hulaumu chokoleti, jibini, soseji na smoki. Mimi nisingempokonya mtoto vyakula vingi kwa kubahatisha. Kiondoe tu kile ambacho daftari limekitaja mara mbili au tatu, na chai nzito na soda za kola zipunguzwe.

Siku ya shambulizi, jambo kubwa ni kuwahi. Mama alijifunza kutambua midomo ikianza kupauka, dakika chache kabla ya maumivu kukolea. Hapo mtoto alilazwa kwenye chumba chenye giza na kimya, redio ikazimwa. Daktari alikuwa amemwandikia ibuprofeni ya maji, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 22 hiyo ni kama miligramu 200, yaani mililita 10 za ile dawa yenye miligramu 100 katika kila mililita 5. Soma kibandiko cha chupa yako, kwani nguvu za dawa hizi hutofautiana. Mtoto mwenye pumu inayochochewa na dawa hizi, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, au aliyekaukiwa maji kwa kutapika, asipewe ibuprofeni. Parasetamoli hutumika badala yake. Aspirini mtoto asipewe kabisa. Akitapika sana, daktari anaweza kuandika ondansetroni, na maji apewe kwa kijiko, kidogo kidogo. Usingizi wenyewe huwamalizia wengi maumivu.

Msichana wetu hakuhitaji zaidi ya hapo. Katika miezi sita iliyofuata alishikwa mara mbili tu, na shambulizi moja lilikatika ndani ya saa moja.

Wapo watoto wanaoshikwa mara kadhaa kwa mwezi na kukosa masomo. Hao daktari anaweza kuwapa dawa ya kinga ya kila siku kwa miezi michache, kama vile pizotifeni, siproheptadini au propranololi. Siproheptadini unaijua: ndiyo ile inayouzwa madukani kama dawa ya kuongeza hamu ya kula. Huleta usingizi na kunenepesha, kwa hivyo usijinunulie. Propranololi nayo haimfai mtoto mwenye pumu.

USINGOJE DAFTARI

Kuna dalili ambazo hazihusiani na kipandauso, na mzazi akiziona asikae nyumbani kuandika. Matapishi ya kijani ni hatari kubwa, kwani utumbo unaweza kuwa umejisokota, na mtoto anahitaji hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu yanayohama kutoka kitovuni hadi chini upande wa kulia, na kuzidi mtoto anapotembea, huenda ni ya kidoletumbo. Homa, damu kwenye choo, kuhara kusikokoma, kuungua wakati wa kukojoa, macho ya manjano, kupungua uzito au kudumaa, yote hayo yana sababu nyingine. Katika jamii zenye selimundu, hasa za magharibi mwa Kenya na Pwani, mtoto mwenye maumivu ya kujirudia na weupe wa viganja apimwe ugonjwa huo kwanza. Tofauti ni kwamba weupe wa upungufu wa damu hauondoki jioni.

Na baadaye? Watoto wa Aberdeen walifuatiliwa hadi ujanani, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2001. Kwa zaidi ya nusu, maumivu ya tumbo yalikuwa yamekwisha. Lakini 7 katika kila 10 walikuwa wamepata kipandauso cha kichwa. Kwa hiyo mama wa Umoja hajalitupa daftari lake. Ameongeza safu moja pembeni, ya kichwa.