Kuweka sawa picha ya San Andreas kwenye kompyuta ya kibandani

Mwongozo huu ni wa wenye vibanda vya gemu na vijana wanaosimamia kompyuta humo. Unahusu swichi tatu ambazo watu huziwasha na kuzizima kwa kubahatisha: ulinganishaji wa picha na monita, unaoandikwa `VSync`, bafa tatu, zinazoandikwa `Triple buffering`, na kidhibiti cha fremu, ambacho ndani ya gemu huandikwa `Frame Limiter`. Nitatumia gemu moja tu kama mfano, GTA San Andreas, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2005. Ndiyo inayoombwa zaidi vibandani ninakozungukia, na ndiyo inayoonyesha waziwazi kosa la kila swichi.

Kisa chenyewe nilikikuta kijijini Robanda. Kijana anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii alikuwa amelipia saa nzima, na CJ alikuwa majini anaogelea bila kusogea. Mikono inapiga maji, ufuko uko palepale. Mwenye kibanda aliniambia, "Fundi, kibodi hii mpya, nimeitoa Mugumu juzi tu. Ya kwanza niliitupa kwa tatizo hilihili." Kibodi zote mbili zilikuwa nzima. Wiki chache nyuma alikuwa amezima `Frame Limiter` kwa sababu mwendo wa picha ulikuwa unashtukashtuka. Picha ikawa laini, wateja wakafurahi, mpaka mmoja wao alipofika kwenye misheni ya Amphibious Assault, ambayo huwezi kuimaliza bila kuogelea na kupiga mbizi.

Sababu ni hii. Gemu nyingi za miaka ile ziliandikwa kwa kudhani kwamba fremu zitakuja kwa kasi fulani, na baadhi ya hesabu za mwendo zikafungwa kwenye fremu hizo. San Andreas ikiwa na kidhibiti chake hutoa takribani fremu 25 kwa sekunde. Kompyuta za leo, hata zile kuukuu zilizotoka maofisini, zinaweza kutoa nyingi kuliko hizo mara kadhaa. Fremu zikizidi, hesabu ya kuogelea huharibika na CJ anajiburura. Kwa hiyo kwenye gemu hii kidhibiti si cha urembo wa picha, ni sehemu ya mtambo wa gemu. Kiwashwe, au nafasi yake ichukuliwe na kidhibiti kingine. Niliporudisha `Frame Limiter`, kijana aliogelea vizuri. Lakini ule mshtuko wa picha uliomfanya mwenye kibanda azime kidhibiti ulirudi palepale, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Picha inapochanika

Kwanza tuelewe monita inavyofanya kazi. Monita ya 60 Hz huchora kioo chote mara 60 kwa sekunde, kuanzia juu kushuka chini. Kila mzunguko huchukua milisekunde 16.7. Kadi ya picha nayo ina mwendo wake. Ikimaliza fremu mpya na kuikabidhi wakati monita imefika katikati ya kioo, sehemu ya juu hubaki na fremu ya zamani na sehemu ya chini hupata mpya. Huko ndiko kuchanika.

Kupima kuchanika ni rahisi. Msimamishe CJ karibu na nguzo ya taa, kisha zungusha mausi haraka kulia na kushoto. Nguzo ikikatika kwa mstari wa mlalo, kipande cha juu kikiwa kimehama kidogo na cha chini, picha inachanika. Wengi huamini kwamba tatizo hili hutokea tu fremu zikiwa nyingi kuliko mizunguko ya monita. Si kweli. Hata kwa fremu 25 picha huchanika, kwa sababu kinachochana ni makabidhiano kufanyika katikati ya mzunguko, wala si wingi wa fremu.

`VSync` inaondoa hilo kabisa: fremu mpya haikabidhiwi mpaka monita imalize mzunguko. Gharama yake ni kusubiri. Chukua kompyuta inayotumia milisekunde 18 kuchora fremu moja. Bila `VSync` ingetoa fremu kama 55 kwa sekunde. Ukiiwasha, fremu inakosa mzunguko wa kwanza kwa milisekunde moja na kidogo, nayo italazimika kungoja wa pili. Kadi yenye bafa mbili, yaani ubao mmoja unaoonyeshwa na mmoja unaochorwa, haina pa kuendelea kuchora wakati huo wa kungoja. Inakaa bure. Matokeo yake kasi inaanguka kutoka 55 hadi 30 kwa mkupuo. Mtu akikwambia "nimewasha VSync gemu ikawa nzito nusu nzima", hajatia chumvi.

Bafa ya tatu ni ubao wa ziada. Wakati fremu iliyokamilika inangoja zamu yake, kadi inaendelea kuchora nyingine kwenye ubao wa tatu, na ile kompyuta ya milisekunde 18 inarudi karibu na fremu zake 55. Kumbukumbu inayoliwa ni ndogo: kwa monita ya 1280 kwa 1024, bafa moja ni kama megabaiti 5. Hapa naomba tuwe makini na jambo moja linalowapotezea mafundi muda. Kwenye paneli ya NVIDIA ipo swichi iliyoandikwa `Triple buffering`, lakini inagusa gemu za OpenGL tu, kama Quake III Arena ya 1999. San Andreas inatumia Direct3D. Unaweza kuiwasha na kuizima kutwa nzima, hakuna kitakachobadilika.

Na kwa San Andreas hata huihitaji. Kompyuta ya Robanda ilimaliza kila fremu mapema mno, kisha ikangoja kidhibiti. Bafa ya tatu humsaidia anayechelewa, wala si anayesubiri.

Mshtuko ulitoka wapi

Gawa 60 kwa 25. Unapata mbili na sehemu nne za kumi, na monita haiwezi kuonyesha sehemu ya mzunguko. Hivyo `VSync` ikiwa imewashwa, fremu moja inakaa kwa mizunguko miwili, inayofuata mitatu, kisha miwili, mitatu, miwili. Kwa muda ni milisekunde 33, 50, 33, 50, 33. Fremu zenyewe zimetengenezwa kwa umbali sawa, ila jicho linazipokea kwa hatua zisizolingana, kama mtu anayechechemea. Endesha gari barabara iliyonyooka huku ukitazama mistari ya pembeni na utauona uchechemeaji huo. Wala kadi kubwa zaidi haitautibu, maana tatizo liko kwenye mgawanyo.

Dawa ni kutafuta monita ambayo idadi ya mizunguko yake inagawanyika kwa fremu bila baki. Monita ya Robanda ilikuwa ile ya inchi 17, karibu mraba, aina iliyojaa kwenye kompyuta zilizotoka maofisini. Nyingi kati ya hizo zinakubali 75 Hz, na 75 kwa 25 ni tatu kamili: kila fremu milisekunde 40, bila kuchechemea. Kama kibanda kinatumia televisheni kwa waya wa HDMI, jaribu 50 Hz. Tanzania ilitumia mfumo wa PAL wenye picha 25 kwa sekunde, na televisheni nyingi zinazouzwa hapa zinakubali 50 Hz bila tabu. Hapo kila fremu inakaa mizunguko miwili.

Kwenye Windows badilisha kupitia mipangilio ya hali ya juu ya skrini. Kisha fungua gemu, na ikiwa imejaza kioo, bonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe usome namba inayoonyeshwa. Usiruke hatua hii. Gemu za zamani zina tabia ya kuirudisha monita kwenye 60 Hz zenyewe pindi zinapojaza kioo, nawe ukabaki kudhani umebadilisha.

Monita ikikataa vyote viwili, ibakize 60 na ubadilishe fremu. Zima `Frame Limiter` ya gemu, weka RivaTuner Statistics Server, na kwenye `Framerate limit` andika 30. Kila fremu sasa inakaa mizunguko miwili, na 30 iko karibu vya kutosha na 25 hata kuogelea kusiharibike. RivaTuner lazima iwe inawaka yenyewe kompyuta ikiwashwa, la sivyo siku isipowaka gemu inabaki bila kidhibiti chochote na CJ anarudi kujiburura. Na usichanganye dawa: 30 kwenye monita ya 75 Hz ni mizunguko miwili na nusu, uchechemeaji uleule.

Kitufe kinapochelewa

Mteja hatasema "kuna ucheleweshaji". Atasema pedi ni mbovu, au gari ni zito kukata kona. Kwenye gemu za Direct3D za kale kuna foleni: kichakataji kinaruhusiwa kuandaa hadi fremu tatu mbele ya kadi. `VSync` ikiwa imewashwa na gemu ikiwa nyepesi, foleni hujaa. Kwenye 60 Hz fremu tatu ni milisekunde 50, na kitufe ulichobonyeza kimepanga mstari nyuma yake.

Kidhibiti cha fremu huondoa foleni hiyo, kwa sababu kinaisimamisha gemu kabla fremu inayofuata haijaanza kuandaliwa, na foleni haipati nafasi ya kujaa. Ndiyo maana San Andreas yenye kidhibiti haina mzigo huo, ingawa fremu ya milisekunde 40 ina uzito wake ambao huwezi kuukwepa. Kwa gemu ambayo haikufungwa kwenye fremu, mathalani ya mpira inayokwenda vizuri kwa 60, washa `VSync` na uweke kidhibiti 59. Foleni itabaki tupu. Utalipa fremu moja inayojirudia kila sekunde, na wapo wachezaji wataiona, kwa hiyo waulize kabla ya kuiacha hivyo.

Kupima, tumia simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde. Ielekeze ionyeshe kidole na kioo pamoja, bonyeza kitufe cha kuruka mara kumi, kisha rudia video polepole na uhesabu fremu tangu kitufe kinapofika chini hadi CJ anapoanza kunyanyuka. Kila fremu ya simu ni milisekunde 4.2. Chukua wastani wa zote kumi, maana mbonyezo mmoja unaweza kuangukia mwanzoni mwa fremu na mwingine mwishoni, na kwa fremu 25 tofauti hiyo peke yake hufika milisekunde 40. Pima kabla ya kubadilisha swichi na baada, kwa kompyuta hiyohiyo na monita hiyohiyo.

Pale Robanda tuliishia na 75 Hz, `VSync` na `Frame Limiter` zote zimewashwa. Nilibandika karatasi nyuma ya monita yenye namba hizo, na chini yake maneno: "CJ akishindwa kuogelea, usinunue kibodi."