Dondoo muhimu: Ujumbe wa majaribio kutoka kwa mwanafunzi

Mwanafunzi anayejaribu programu yake ya kutuma baruapepe huandika: "Najaribu tu, ni mradi wa shule." Mpokeaji humjibu kwa upole na kumuuliza anachohitaji.

- Kwanza huulizwa anataka kuthibitisha nini. Mara nyingi ni kama ujumbe umefika, na kama umeingia kwenye kikasha au kwenye barua taka.
- Jibu linalomfaa hutaja saa ujumbe ulipopokelewa, kichwa kilivyosomeka na herufi zilizoharibika.
- Huulizwa pia atatuma jumbe ngapi zaidi, na hadi lini.
- Nywila na namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu hazitolewi. Mradi wa shule hauzihitaji; anayeziomba akatiwe mawasiliano.