Barua ya Mwajiri: Mshahara Upi Uandikwe?

Benki au ubalozi ukikuambia ulete barua ya mwajiri, unachotakiwa ni karatasi yenye nembo ya kampuni inayosema kwamba umeajiriwa hapo, tangu lini, kwa cheo gani, kwa mkataba wa aina gani na kwa mshahara kiasi gani. Iombe kwa afisa rasilimali watu, au kwa mwenye kampuni kama ofisi ni ndogo. Andika ombi lako, taja barua inakwenda wapi, na eleza kuwa umeridhia mshahara wako utajwe. Hupaswi kulipia chochote.

Kinachokwamisha wengi ni huo mshahara. Chukua mfanyakazi wa kampuni binafsi Mwanza. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 900,000 na posho ya nyumba 200,000, jumla 1,100,000. Hukatwa 110,000 za NSSF na 125,500 za kodi ya mshahara, kwa hiyo akaunti yake hupokea 864,500. Barua ikisema tu "analipwa 1,100,000", afisa wa mkopo atafungua taarifa ya akaunti, aone 864,500, na kuanza kujiuliza nani anadanganya. Mwambie mwajiri aandike vyote vitatu: mshahara wa msingi, jumla kabla ya makato, na kinachobaki mkononi. Kabla hujaondoka ofisini, linganisha na salari slipu yako, shilingi kwa shilingi. Na usimwombe akuongezee kidogo ili mkopo ukue. Taarifa ya akaunti itakuumbua.

Kwa mkopo, barua hiyo inathibitisha ajira tu. Kama benki inataka mwajiri akate marejesho kwenye mshahara, hilo lina fomu yake, na wewe lazima uridhie kwa maandishi. Isome taratibu kabla ya kusaini.

Kwa viza, afisa anataka kujua kama utarudi. Kwa hiyo, zaidi ya mshahara, barua itaje tarehe za likizo iliyoidhinishwa, siku utakayoripoti kazini, na nani anagharamia safari. Tarehe hizo zifanane na za tiketi na za fomu ya maombi. Kwa viza ya Schengen ya muda mfupi, ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Barua ya ubalozini iandikwe kwa Kiingereza. Ya benki ya hapa nyumbani yaweza kuwa kwa Kiswahili.

Hakikisha kuna tarehe, jina na cheo cha aliyesaini, mhuri, na simu ya ofisi. Simu hiyo hupigwa kweli. Mweleze anayeipokea kwamba umeomba barua, maana akijibu "huyo simjui", ombi lako linaweza kuishia hapo hapo.